Mlima Uliogoma Kurudi Nyuma

Chukulia bango la kuuza nyumba Morogoro. Nyumba ilipigwa picha kwingine, na nyuma yake ikabandikwa Milima ya Uluguru. Kingo zimekatwa kwa ustadi, lakini mlima unaonekana kama umeota juu ya paa. Kasoro iko kwenye weusi: vivuli vya mabonde ya mlimani ni vyeusi sawa na kivuli cha chini ya dirisha.

Kati ya kamera na mlima kuna hewa yenye mvuke, vumbi na moshi. Mwanga wa jua ukigonga chembe hizo hutawanyika, na sehemu yake huingia kwenye kamera. Mwanga huo wa ziada huonekana zaidi penye giza, ndiyo maana vivuli hupauka kwanza. Kadiri umbali unavyoongezeka, rangi hufifia na kuifuata ile ya anga la nyuma.

Kwenye Photoshop, tenganisha umbali kwa matabaka: miti ya nyuma ya nyumba, vilima vya kati, na mlima. Kwa Eyedropper, chukua rangi ya anga karibu kabisa na upeo wa macho. Buluu ya utosini haifai, wala nyeupe tupu. Juu ya kila tabaka ongeza jingine lililojazwa rangi hiyo, kisha chagua Create Clipping Mask ili isimwagike nje ya kingo. Nyumba yenyewe usiiguse.

Sasa rekebisha Opacity. Ikiwa matabaka yamepishana kwa umbali unaolingana, anza na asilimia 20 kwa miti, 36 kwa vilima na 49 kwa mlima. Hatuongezi 20 kila mara, kwa sababu kila hatua ya hewa hufunika asilimia 20 ya kile kilichobaki kuonekana. Kwenye kipimo cha 0 hadi 255, kivuli cha 25 chini ya anga la 205 kitapanda hadi 61 mitini, 90 vilimani na 113 mlimani.

Hewa ya chini huwa nzito zaidi, hivyo tumia Layer Mask yenye Gradient ili ukungu uwe mwingi miguuni pa mlima na upungue kileleni. Usipunguze Opacity ya mlima wenyewe, maana mawingu yataonekana kupitia mwambani. Kutia ukungu si kufifisha kingo: asubuhi baada ya mvua, mlima wa mbali unaweza kupauka huku ukingo wake ukiwa mkali.

Kabla bango halijaenda kuchapwa, fungua Info na upime sehemu nyeusi kuliko zote katika kila tabaka. Namba zikipanda kutoka karibu kwenda mbali, uko sawa. La mbali likiwa jeusi kuliko la karibu, rudi mezani.