Nani kaondoka, na nafasi ipi i wazi?

Mkurugenzi wa kampuni ndogo huwafahamu watu wake kwa sura, na pengine ndiyo sababu huona hana haja ya kuandikiwa ripoti ya walioondoka. Lakini kumfahamu kila mtu si sawa na kujua kwamba nafasi ileile imebadilisha watu mara tatu ndani ya mwaka. Jambo hilo limelala kwenye majalada ya wafanyakazi, na ripoti ya kila mwezi kazi yake ni kuliamsha.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha mikate mjini Morogoro, tuandae ripoti yake ya Mei 2025. Tarehe 1 walikuwapo wafanyakazi 48. Mwezi ule akaajiriwa mfungashaji mmoja, wakaondoka watu watatu: dereva wa usambazaji, mwokaji wa zamu ya usiku, na mhasibu msaidizi ambaye mkataba wake uliisha. Kwa hiyo mwezi ulipaswa kufungwa na watu 46.

Afisa utumishi anatunza orodha yake kwenye Excel. Safu ya E ina tarehe ya mwisho ya kila mtu kazini, naye huhesabu walioondoka hivi:

```
=COUNTIFS(E:E,">="&DATE(2025,5,1),E:E,"<="&DATE(2025,5,31))
```

Jibu likaja 2, siyo 3. Orodha ya mishahara nayo ilionyesha watu 47. Daftari la mahudhurio peke yake ndilo lililosema 46. Walipofuatilia, wakakuta dereva alimkabidhi msimamizi wake barua tarehe 10 na siku hiyohiyo akaondoka. Barua ikabaki kwenye droo ya msimamizi, na mshahara wa dereva ukawa tayari umeandaliwa. Ndiyo maana kabla ya asilimia yoyote, afisa hufanya hesabu moja ya kujihakikishia: waliokuwapo, jumlisha walioingia, toa walioondoka. Jibu lisipolingana na orodha ya mishahara na mahudhurio, kuna karatasi haijafika. Wakati mwingine kosa huwa ni dogo zaidi: tarehe imeandikwa kama maneno, Excel haiitambui kuwa tarehe, na mtu anaachwa nje ya hesabu. Tarehe ya namna hiyo huegemea kushoto mwa kisanduku, wakati tarehe halisi huegemea kulia, isipokuwa kama mtu amebadilisha mpangilio.

Zipo pia kanuni za nani ahesabiwe. Aliyehamishwa kutoka ufungashaji kwenda mauzo hajaondoka kwenye kampuni. Aliyemaliza mkataba na kusaini mwingine kesho yake hajaondoka, hata kama jalada lake jipya lina namba mpya. Vibarua wa siku wasihesabiwe upande wa walioondoka ilhali hawamo kwenye wale 48, maana asilimia itavimba bure.

Sasa asilimia. Kanuni inayotumika sana ni kugawa idadi ya walioondoka kwa wastani wa wafanyakazi wa mwezi. Wastani wa 48 na 46 ni 47, na tatu kati ya 47 ni asilimia 6.4. Namba hiyo ni sahihi, lakini humwambia mkurugenzi kidogo sana. Kwenye kampuni ya watu 47, mtu mmoja tu ni asilimia 2.1. Mwezi mmoja unaweza kusoma sifuri, unaofuata ukasoma sita, na hakuna kilichobadilika kiwandani. Kuizidisha 6.4 kwa 12 ili kupata picha ya mwaka ni kosa kubwa zaidi, kwani itatoka karibu asilimia 77. Afadhali kuhesabu miezi 12 iliyopita kwa pamoja, na kila mwezi mpya ukiingia ule wa zamani kabisa utoke. Kiwandani hapa, tangu Juni 2024 hadi Mei 2025 wameondoka watu 11, na wastani wa wafanyakazi ni 47. Hiyo ni asilimia 23.4.

Hata hivyo, kiini cha ripoti hii kimo ndani ya hao 11. Wakipangwa kwa vitengo, sita wanatoka zamu ya usiku ya waokaji, yenye wastani wa watu wanane. Hiyo ni asilimia 75, na mtu akiisoma haraka atadhani karibu zamu nzima imekimbia. Tarehe za kuajiriwa zinaeleza vingine. Waokaji sita wa usiku wamo kazini kwa zaidi ya mwaka na hawajatikisika. Walioondoka wote sita wamepita kwenye nafasi tatu zilizobaki, na watano kati yao hawakutimiza miezi sita.

Barua zao karibu zote zinasema "sababu binafsi", maneno yasiyomsaidia mtu. Lakini jalada lina kitu kingine: makazi. Waokaji wanaodumu wanaishi karibu na kiwanda. Wanaoondoka walikuwa wakikaa mbali, na zamu yao huisha saa tisa usiku, saa ambayo hakuna daladala. Majalada hayathibitishi kwamba usafiri ndio uliowaondoa, bali yanaonyesha swali la kuwauliza waliobaki na anayeaga. Na swali hilo ni bora kuliko kupandisha mishahara ya kampuni nzima kwa kubahatisha.

Upande wa pili wa ripoti ni nafasi wazi. Hapa kipimo ni ikama, yaani idadi ya nafasi ambazo mkurugenzi ameziidhinisha. Ikama ni 51, waliopo ni 46, kwa hiyo nafasi tano ni wazi. Wengi huandika wastani wa siku ambazo nafasi zimekaa bila mtu. Hadi Mei 31, nafasi ya mhasibu msaidizi ilikuwa na siku 0, mwokaji 7, dereva 21, ofisa mauzo 91, na msimamizi wa ubora 149. Wastani wake ni siku 54, namba isiyokaribiana na hata moja kati ya hizo tano. Kwa kampuni ndogo, orodheni kila nafasi na siku zake, hatua ya usaili ilipofikia, na nani anaibeba kazi hiyo kwa sasa.

Ikiorodheshwa hivyo, inaonekana kwamba nafasi ya msimamizi wa ubora haijatangazwa kabisa. Iliidhinishwa Januari 2 bila kutengewa mshahara. Ikae kwenye mstari wake, maana afisa utumishi hawezi kulaumiwa kwa kuchelewesha ajira ambayo haijatengewa fedha.

Mwokaji naye anafundisha jambo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini. Mwokaji aliandika barua Aprili 26 na kumaliza Mei 24, kama sheria inavyotaka. Ripoti inasema nafasi ina siku 7, lakini kampuni ilikuwa na wiki nne nyingine za kutafuta mtu. Kwa hiyo jalada liwe na tarehe mbili, ya barua na ya mwisho kazini. Zikiwamo zote, mkurugenzi ataona kama pengo limetokana na mfanyakazi aliyeondoka ghafla, kama yule dereva, au na notisi iliyopokelewa ikawekwa pembeni.

Haya yote huenea kwenye ukurasa mmoja. Majina na habari za ugonjwa au familia zibaki kwenye majalada. Cheo, kitengo, muda wa utumishi na tarehe vinatosha. Chini kabisa yaandikwe maamuzi yanayosubiriwa. Kwa Mei yako mawili: kutenga mshahara wa msimamizi wa ubora au kuifuta nafasi hiyo kwenye ikama, na kumtafuta mwokaji anayeishi karibu, au kukadiria gharama ya gari la kuwarudisha watu nyumbani saa tisa usiku.