Bure ya Siku Saba

Kijana anapojiunga na programu ya muziki kwa jaribio la bure la siku 7, kwanza huombwa namba ya kadi, mara nyingi ya mzazi. Mtego uko hapo: akinyamaza, siku zikiisha pesa hukatwa, na kila mwezi zitakatwa tena.

Wengi huifuta programu kwenye simu wakidhani yamekwisha. Wapi! Makato huendelea.

Kwenye Android, afungue Play Store, aguse picha yake, kisha Payments & subscriptions, halafu Subscriptions, achague programu na kubonyeza Cancel subscription. Aliyeanza tarehe 1 asingoje tarehe 8. Kwa wenye iPhone, Apple hutaka jaribio lisitishwe angalau saa 24 kabla halijaisha.