Baada ya “Weder”, Kitenzi Hukaa Wapi?

Wauguzi wanaokabidhiana zamu katika hospitali ya Ujerumani hupeana habari za wagonjwa kwa sentensi fupi: nani ana homa, nani amelala vizuri, nani bado anasubiri kupigwa eksirei. Sentensi kama hii husikika kila siku: “Der Patient hat weder gegessen noch getrunken.” Mgonjwa hajala wala kunywa. Ndani yake mna kiunganishi cha sehemu mbili, “weder … noch”, na Mjerumani huitamka bila kufikiri. Aliyekua akizungumza Kiswahili hukwama mara mbili katika sentensi hiyohiyo. Kwanza hutatizwa na ukanushi, halafu na mahali pa kuweka kitenzi.

Wanaokutana na tatizo hilo hawako darasani tu. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi wenye ujuzi, na muuguzi kutoka nje anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kuwa na Kijerumani cha kiwango cha B2. Viunganishi vya sehemu mbili hufundishwa kabla ya hapo, kwenye B1. Vitabu vingi huvipanga kwenye jedwali pamoja na tafsiri zake, na mwanafunzi huvikariri hivyo. Tafsiri zenyewe ni rahisi. “Entweder … oder” ni ama hiki ama kile, “sowohl … als auch” ni hiki na kile pia, “weder … noch” ni si hiki wala kile. Jedwali halisemi kitenzi kitafanya nini baada ya maneno hayo, na hapo ndipo penye kazi.

Katika Kiswahili kitenzi hubeba kiima chake mgongoni. Mtu akisema “mgonjwa anakula leo” au “leo mgonjwa anakula”, umbo “anakula” linajitosheleza, na msikilizaji hapotei. Kijerumani kina sharti ambalo halijali kiima kiko wapi: katika sentensi ya taarifa, kitenzi kinachoonyesha nafsi na wakati hukaa nafasi ya pili. “Der Patient isst heute Suppe” ni sahihi. Ukianza na neno la “leo”, kiima kinapisha na kurudi nyuma ya kitenzi: “Heute isst der Patient Suppe.” Mwalimu wa lugha Erich Drach, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1937, aliipa nafasi hiyo iliyo mbele ya kitenzi jina la “Vorfeld”, yaani uwanja wa mbele, na wanasarufi wa Kijerumani wanalitumia mpaka leo. Uwanja huo huingia kipande kimoja tu cha sentensi. Kinaweza kuwa neno moja au kirai kirefu, lakini ni kimoja.

Kwa hiyo kila kiunganishi kinaulizwa swali moja: kinachukua uwanja wa mbele au hakichukui?

“Oder” hakichukui, na wenzake “und”, “aber”, “denn” na “sondern” ni vivyo hivyo. “Oder” ni kama kondakta anayening’inia mlangoni mwa daladala: yumo safarini, lakini kiti cha abiria hajakikalia. Baada yake uwanja wa mbele bado u wazi, kiima kinaweza kuingia, kisha kitenzi kinafuata. “Weder” na “noch” ni abiria kamili. Vikitangulia kishazi kizima, vinaujaza uwanja na kitenzi kinafuata papo hapo, huku kiima kikisukumwa nyuma: “Weder hat der Patient gegessen, noch hat er getrunken.” Kitenzi kisaidizi “hat” kimeandama “weder” upande mmoja na “noch” upande wa pili. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni “noch er hat getrunken”, kwa kudhani kwamba “noch” kina tabia ya “oder”. Sikio la Mjerumani hulikataa mara moja.

Ni haki kusema kwamba “weder” mwanzoni mwa sentensi kina harufu ya maandishi. Katika mazungumzo Mjerumani hupenda kukichomeka katikati, mbele ya vile vitu viwili anavyovikanusha, kama ilivyo katika sentensi ya muuguzi. Hapo mpangilio haubadiliki hata kidogo: “der Patient” kiko mbele, “hat” kiko nafasi ya pili, mengine yanafuata. Anayeogopa kukosea na achague njia hii. Ni fupi zaidi, na ndiyo inayosikika wodini.

Kwenye ukanushi, Kiswahili chenyewe ndicho kinachomponza mwanafunzi. Kwetu kitenzi hukanushwa kwanza, kisha “wala” inaendeleza: hana homa wala maumivu. Anayefuata njia hiyo huandika “Der Patient hat kein Fieber weder Schmerzen”, au akaongeza mambo na kuandika “hat weder kein Fieber noch keine Schmerzen”. Katika Kijerumani “weder” chenyewe kimeshabeba ukanushi wote, kwa hiyo kitenzi hubaki cha kukubali, na “nicht” na “kein” hazitakiwi: “Der Patient hat weder Fieber noch Schmerzen.” Ukikuta “kein” ndani ya sentensi yenye “weder”, karibu kila mara pana kosa.

“Entweder” ndicho chenye mambo. Kikianzisha sentensi, kinaweza kuchukua uwanja wa mbele au kuuacha, na Kijerumani sanifu kinakubali hali zote mbili. Mtu anaweza kusema “Entweder nimmt der Patient die Tablette jetzt, oder er bekommt sie nach dem Essen”, ambapo kitenzi “nimmt” kimekuja mara tu baada ya “entweder”. Anaweza pia kusema “Entweder der Patient nimmt die Tablette jetzt, oder er bekommt sie nach dem Essen.” Maana ni ileile: ama mgonjwa ameze kidonge sasa, ama atapewa baada ya kula. Njia ya tatu ni kukisogeza ndani: “Der Patient nimmt die Tablette entweder jetzt oder nach dem Essen.” Hii ya tatu ni nyepesi zaidi, kwa sababu kinachochaguliwa ni wakati peke yake, na hakuna haja ya kurudia kitenzi.

Uhuru huo wote ni wa “entweder”. “Oder” hana. Anayetaka sehemu ya pili ifanane na ya kwanza huandika “oder bekommt er sie nach dem Essen”, na bila kujua amegeuza taarifa kuwa swali: au atapewa baada ya kula? Kwa kuwa “oder” hahesabiwi, kitenzi kilichokaa mara baada yake kimeangukia nafasi ya kwanza, na kitenzi cha nafasi ya kwanza ndicho Wajerumani wanachotumia kuulizia maswali ya ndiyo au hapana. Katika suala la dawa, tofauti ya agizo na swali si ndogo.

“Sowohl … als auch” ina mipaka ya aina nyingine. Inaunganisha vipande vya sentensi, na kwa kawaida haiunganishi taarifa mbili kamili zenye kiima na kitenzi kila moja. “Die Schwester spricht sowohl Deutsch als auch Suaheli” haina tatizo: muuguzi anazungumza Kijerumani na Kiswahili pia. Kirai hicho kizima kinaweza kupelekwa mbele: “Sowohl Deutsch als auch Suaheli spricht die Schwester.” Ukihesabu maneno, “spricht” ni la sita, na bado wanasarufi wanasema liko nafasi ya pili, nao wako sawa, maana maneno matano ya mwanzo ni kipande kimoja. Hapa alama ya mkato haiwekwi mbele ya “als auch”, ingawa wengi huiweka kwa mazoea. Na viima viwili vikiunganishwa hivyo, kitenzi huwa cha wingi: “Sowohl der Arzt als auch die Schwester haben unterschrieben.” Kwa “entweder … oder” mambo hugeuka, kwa sababu atakayetia saini ni mmoja tu: “Entweder der Arzt oder die Schwester unterschreibt.”

Anayetaka kuunganisha taarifa mbili kamili kwa maana ya “hiki na kile pia” hukimbilia “nicht nur … sondern auch”: “Die Schwester misst nicht nur den Blutdruck, sondern sie gibt auch die Medikamente.” Muuguzi hapimi shinikizo la damu tu, bali anatoa na dawa. Safari hii mkato mbele ya “sondern” ni wa lazima. “Sondern” kama “oder” hakikalii uwanja, kwa hiyo “sie” kinautwaa na “gibt” kinafuata. “Auch” nacho kimeachana na mwenzake na kukaa nyuma ya kitenzi. Vitabu huchapa “sondern auch” kana kwamba ni neno moja lisilotengana, ndiyo maana wanafunzi huandika “sondern auch gibt sie”, wakashangaa kusahihishwa. Kinyume cha “sondern”, “nicht nur” kikipelekwa mbele ya kishazi huuchukua uwanja: “Nicht nur misst sie den Blutdruck, sondern sie gibt auch die Medikamente.”

Katika vishazi tegemezi purukushani hii yote hutulia. Baada ya “weil” au “dass” kitenzi chenye nafsi huenda mwisho wa kishazi, na viunganishi vyetu havina uwezo wa kukivuta: “Ich weiß, dass der Patient weder gegessen noch getrunken hat.” Hakuna uwanja wa mbele wa kugombea.

Tuchukue sasa ripoti ya zamu jinsi mwanafunzi wa B1 angeweza kuiandika: “Weder der Patient hat kein Fieber, noch er hat keine Schmerzen, weil er hat sowohl die Tabletten als auch die Spritze bekommen.” Anakusudia kusema kwamba mgonjwa hana homa wala maumivu kwa sababu amepewa vidonge na sindano pia. “Weder” kimewekwa mwanzoni, lakini kiima kimekaa mahali pa kitenzi. “Kein” na “keine” zinakanusha kilichokwisha kukanushwa. Baada ya “noch” kiima kimetangulia tena. “Weil er hat” husikika hata vinywani mwa Wajerumani wenyewe wanapopiga soga, ila kwenye maandishi na mitihani ni kosa. Sehemu ya “sowohl” haina dosari, kwa kuwa inaunganisha vidonge na sindano, si vishazi.

Njia fupi ya kuisahihisha ni kukiingiza “weder” ndani ya sentensi, kufuta “kein” zote mbili pamoja na “er hat” iliyo baada ya “noch”, na kupeleka “hat” iliyo baada ya “weil er” mwishoni: “Der Patient hat weder Fieber noch Schmerzen, weil er sowohl die Tabletten als auch die Spritze bekommen hat.” Ikibidi kuongeza kwamba mgonjwa ama atabaki mpaka kesho ama ataruhusiwa kwenda nyumbani leo, muuguzi anaweza kuandika “Entweder bleibt er bis morgen, oder er darf heute nach Hause”, au akaanza na “Entweder er bleibt bis morgen” akipenda. Nusu ya pili inabaki “oder er darf” kwa vyovyote vile. Akiandika “oder darf er heute nach Hause”, mwenzake wa zamu inayofuata atadhani anaulizwa.