M na W Ndani ya Miraba Minane

Anayechora fonti ya gemu ya mtindo wa zamani ana eneo dogo sana la kufanyia kazi: kila herufi hupewa miraba minane kwa minane. Kila mraba ni pikseli moja, nayo ama imewaka ama imezimika. Mstari wa chini kabisa na safu ya mwisho kulia huachwa tupu ili herufi zisigusane, kwa hiyo kinachobaki ni saba kwa saba.

Tazama maandishi ya Pac-Man ya mwaka 1980. Nguzo za wima zina unene wa pikseli mbili, lakini mistari ya kulala ina moja tu. Herufi za namna hiyo zilikuwapo tayari katika Sprint 2, gemu ya mbio za magari iliyotolewa na Kee Games mwaka 1976. Unene huo una sababu. Runinga za enzi hizo zilichora picha kwa mwale uliokwenda kutoka kushoto hadi kulia, na nguzo ya pikseli moja ilipitwa upesi mno, ikafifia au rangi yake ikachuruzika pembeni. Mstari wa kulala haukuwa na shida hiyo.

Kwa anayeandika gemu ya Kiswahili, shida huanzia kwenye M na W, na lugha yetu imejaa herufi hizo: mwezi, mwalimu, wewe. Piga hesabu. Nguzo tatu za pikseli mbili ni sita. Ongeza nafasi mbili kati yake, unapata nane. Herufi imejaza kiwanja chote na itagandamana na jirani yake. Dawa ni kuikonda nguzo ya kati iwe pikseli moja, na kuikatisha kabla haijafika chini:

```
##...##
###.###
#######
#######
##.#.##
##...##
##...##
```

W ni M hiyohiyo iliyopinduliwa. Hapa wengi hukosea: hupindua mistari yote minane, ule mtupu ukaenda juu, na W ikazama pikseli moja chini ya wenzake. Pindua saba tu.

Alama ya ng' nayo inahitaji uangalifu. Kikato kinashika pikseli mbili lakini kinapewa kiwanja kizima, na ukikibana kushoto, NG'OMBE itasomeka kama maneno mawili. Kiweke katikati, au, kama gemu yako inaruhusu, kipe upana wa pikseli tatu tu.

Usiipime fonti ikiwa imekuzwa. Andika MWANAMWALI na MNAMWONA kwa ukubwa halisi, kisha rudi nyuma hatua kadhaa. M ikionekana doa jeusi, zima pikseli moja katikati ya mstari wa nne. Ikifanana na N, ongeza mwanya chini. Anza na herufi hizi mbili kabla ya A, kwa sababu zikikaa sawa, zilizobaki zitafuata unene wake bila taabu.