Nusu ya Mwajiri

Sheria ya NSSF ya Kenya ya mwaka 2013 haibagui kati ya kampuni na nyumba ya mtu. Aliyemwajiri mtu mmoja tu naye ni mwajiri: anapaswa kumsajili na kupeleka mchango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Sheria hiyo ilikwama mahakamani kwa miaka mingi, na viwango vyake vikaanza kutumika Februari 2023. Kabla ya hapo, mfanyakazi alitoa shilingi 200 na mwajiri 200, basi.

Siku hizi kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara. Yaya wa Nairobi anayelipwa 16,500 hukatwa 990, na mwajiri huongeza 990 kutoka mfukoni mwake. Kwa mwezi zinaingia 1,980. Kwa miaka kumi ni 237,600, kabla ya faida.

Hapa ndipo dhuluma inapoanzia. Wako waajiri wanaomkata yaya zote 1,980 na kumwambia hiyo ndiyo sheria. Sivyo. Nusu ya mwajiri haitolewi kwenye mshahara wa mfanyakazi, na yaya huyo anapoteza 11,880 kila mwaka. Wengine humkata 990 yake kisha wasipeleke chochote. Yaya hatajua kwa kumuuliza mwajiri. Atajua kwa kuomba taarifa ya akaunti yake katika ofisi ya NSSF au Huduma Centre, akitaja nambari yake ya uanachama, na kutazama mwezi kwa mwezi. Mwezi ulioachwa wazi huonekana.

Kwa kibarua wa mjengo, kisingizio ni jina lenyewe la kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaja kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na kuajiriwa kwa muda usiozidi saa 24. Lakini kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Ndiyo maana wasimamizi wengine humpumzisha mtu siku chache kisha kumwita tena, ili hesabu ikatike. Ajiwekee ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo na aandike tarehe alizofanya kazi. Bila hivyo, itakuwa neno lake dhidi ya neno la msimamizi.

Anayebaki nje kabisa ni mama wa kufua, mwenye nyumba tano na siku moja kwa kila nyumba. Hakuna anayemwita mfanyakazi wake. Anaweza kujiwekea akiba kwa mpango wa Haba Haba wa NSSF, shilingi 25 kwa siku, lakini hakuna mwajiri anayemwongezea. Kwangu mimi, nyumba inayomlipa 800 kila Jumanne, mwaka baada ya mwaka, ni mwajiri wake. Asilimia 6 ya hiyo ni shilingi 48.