Matege ya mtoto: lini usubiri, lini umpeleke kituo cha afya

BUTERERE, Bujumbura – Mama anayevuka mpaka na mtoto mgongoni huenda akaambiwa kuwa mbeleko ndiyo iliyompa mtoto matege. Si kweli. Watoto wengi huzaliwa na miguu iliyopinda, nayo hunyooka yenyewe kufikia miaka 2 hivi.

Mlaze chali, nyoosha miguu, gusanisha vifundo, kisha pima nafasi kati ya magoti. Mtoto wa miezi 18 mwenye sentimita 3, miguu yote ikiwa sawa, hahitaji dawa. Mpime tena baada ya miezi 6.

Nafasi ikizidi sentimita 6, ikiongezeka baada ya miaka 2, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, mpeleke kituo cha afya. Huenda mifupa imelainika kwa kukosa vitamini D au kalsiamu, na hilo hutibika.