Maneno ya muteja: omba ruhusa, usiongeze chumvi

Tuseme mama mumoja wa Panda, hapa Likasi, anauza sabuni. Muteja anamutumia sauti kwa WhatsApp: «Mama, sabuni yako ilitosha mafuta ya mashini kwenye salopeti ya bwana yangu. Lakini nilifua mara mbili.» Mama anataka kuandika maneno hayo chini ya foto ya sabuni kwa Facebook.

Kwanza amuonyeshe muteja maandishi yenyewe: «Yaya, naweza kutia hivi kwa Facebook? Niandike jina lako ao niliache?» Kunyamaza si kukubali. Jibu alichunge kwenye simu. Sheria ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya numeriki inalinda habari za mutu, na jina lake ni moja ya hizo.

Kisha asiguse maana. Akikata «mara mbili», munuzi atafua mara moja, aone doa limebaki, na aseme amedanganywa. Akiongeza «inaponyesha upele», anatia kwa kinywa cha muteja neno asilosema, na mugonjwa anaweza kuacha dawa.

Kama sabuni ilitolewa bure, aandike vile. Na muteja akibadilisha mawazo, aifute.